Mama Pumzika na Mabega ya Kambare

Wateja wa ile jimu walimbandika jina la Mama Pumzika, na wala si kwa mapenzi. Mtu ametoka kazini kachoshwa na bosi wake, kavaa raba mpya, anataka atoe jasho mpaka ajisikie ametendewa haki, halafu anakuta mwanamke mfupi wa mabega mapana anamwambia, "Weka chini. Pumzika." Akinyanyua mara tano, apumzike. Akitaka ya sita, anaulizwa nani kamtuma. Meneja mmoja wa benki alikwenda kulalamika kwamba amelipia kuteswa na hajateswa. Mwenye jimu, ambaye maishani mwake hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko funguo za gari, akamwita Mama Pumzika ofisini, akamsihi awe anawaumiza watu kidogo, kwa ajili ya biashara.

Alikataa, na sababu ilikuwa mwilini mwake mwenyewe. Usichana wake wote alikuwa mwogeleaji, tena mwogeleaji wa kutumainiwa. Kocha wa enzi hizo alikuwa na filimbi, ngazi ndefu za ghorofa na magunia ya mchanga. Aliwapandisha na kuwashusha na yale magunia, akawapigisha pushapu mpaka pua zikagusa vumbi, ndipo akawaambia haya, majini. Waliingia bwawani miguu inatetemeka, wakaogelea vibaya, na kwa kuwa waliogelea vibaya waliongezewa ngazi. Kila alipozidi kujituma ndivyo alivyozidi kuwa mzito majini, na akaamini kwamba tatizo ni moyo wake, kwamba hana moyo wa ushindi. Aliacha kabla ya kufika kokote. Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya ualimu wa mazoezi, mkufunzi alieleza kwa dakika chache tu jinsi misuli iliyochoka inavyofundishwa vibaya, na mwanamke mzima, mke wa mtu, aliinamia meza akalia.

Kutoka siku ile alikuwa na msimamo mmoja, na huo msimamo ukawa kazi yake na dini yake. Mwogeleaji hafanyi mazoezi ya vyuma ili awe hodari wa vyuma. Pumzi na uvumilivu anavipata majini, tele, hana haja ya kuja kuvitafuta nchi kavu kwa kuvuta kamba ya mpira mara mia mbili. Anachokuja kuchukua ni nguvu tupu: chuma kizito, mara chache, mapumziko marefu, na kuacha wakati bado ana uwezo wa kunyanyua tena mara mbili au tatu. Vyuma viwekwe siku ileile ya zoezi gumu la bwawani, jioni, baada ya maji, ili siku nyepesi zibaki nyepesi kweli. Zoezi jipya lisiletwe karibu na mashindano, maana zoezi jipya huacha maumivu. Na mtu atoke mlangoni akijisikia kama vile hajafanya kitu. "Ukitoka hapa unachechemea," alikuwa akisema, "basi nimekuibia."

Maneno matamu, lakini nani alimsikia? Wateja walikuwa wa tumbo na harusi. Mwogeleaji wa kweli alikuwa naye mmoja tu, na huyo alikuwa damu yake.

Huyu alikuwa binti wa kaka yake, fundi wa mageti. Kaka za huyo msichana walimwita Kambare kwa sababu tangu utotoni alikuwa anajizamisha kwenye pipa la maji na kukaa humo mpaka mama yake apige kelele. Jina likamganda. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya kufika magotini, mcheshi kwa watu wake na bubu kwa wageni. Alikuwa anaogelea mita mia mbili, mtindo huru, na mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake katika kundi la vijana. Mashindano ya mchujo yangechukua wawili wa kwanza kwenda kwenye timu ya taifa. Mwaka ukipita angekuwa amevuka umri, na katika kundi la wakubwa hapakuwa na nafasi yoyote ya kuzungumzia. Ilikuwa sasa au basi. Baba mtu alimleta mwenyewe jimu, mikono bado ina masizi ya kuchomelea vyuma.

"Dada, nakukabidhi," alisema. "Usinivunjie."

"Nani anavunja hapa?" alimjibu. "Waulize wateja, wanasema silaumiki kwa kuumiza mtu."

Basi akamfundisha taratibu. Kuchuchumaa na chuma mabegani. Kuinua chuma kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka. Kuruka juu ya boksi na kutua kimya kama paka. Kujivuta kwenye bomba mpaka kidevu kipite, na msichana alipozoea, kujivuta huku kisahani cha chuma kinaning'inia kiunoni. Kisha mazoezi madogo ya kuvuta kamba ya mpira kwa ajili ya misuli ya nyuma ya bega, ile inayolishika bega mahali pake. Hakuna zaidi. Kambare alikuwa anamaliza anatazama huku na huku kama mtu aliyepunjwa.

"Shangazi, ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Wenzangu wa timu wanatapika huko kwao."

"Waache watapike. Wewe nenda kale, ulale."

Sasa, Mama Pumzika alikuwa anajua jambo moja kuhusu wanamichezo, nalo alilijua vizuri kwa kuwa lilikuwa lake: wanamichezo ni waongo. Ukimwuliza umechokaje, atakwambia yuko fiti, hata kama anaongea huku ameegemea mlango. Kwa hiyo hakuwa anauliza. Alikuwa na ukuta. Nyuma ya mashine ya kukimbilia kulikuwa na ukuta uliopakwa rangi nyeusi, na kila Kambare alipokuja, akishapasha mwili moto, alipaka chaki vidoleni, akasimama ubavu kwa ukuta, akaruka kwa nguvu zake zote na kugusa. Alama ikifika kwenye kimo chake cha kawaida, kazi inaendelea. Ikishuka, vyuma vinapunguzwa. Ikishuka sana, kwaheri, nenda nyumbani. Si uchawi, ni kipimo kinachojulikana: mwili ukichoka, mruko hupungua kabla mwenyewe hajakiri.

Kuna siku Kambare alikuja amechangamka, amekunja ngumi, anasema leo anataka kuongeza uzito. Akaruka. Chaki ikagusa chini, chini mno. Akaomba arudie, ikawa vilevile.

"Haya, vaa sweta," shangazi yake akasema.

"Lakini niko sawa!"

"Wewe uko sawa. Miguu yako haiko sawa. Nimsikilize nani?"

Msichana alinuna mpaka kituo cha basi. Kesho yake kulikuwa na zoezi la kupimwa muda bwawani, akaogelea kwa kasi kuliko alivyowahi kuogelea, na usiku akapiga simu anacheka, "Shangazi, ule ukuta wako mshenzi, unajua!" Walicheka wote. Toka hapo Mama Pumzika aliupenda ule ukuta kupita kiasi. Alikuwa akiupangusa mwenyewe kwa kitambaa. Aliwaonyesha wateja. Alimwambia mume wake mezani kwamba amepata kitu ambacho angekipata yeye akiwa msichana, dunia ingekuwa nyingine, na mume wake, mtu mpole, aliendelea kula na kusema hewala.

Na kweli alama zilipanda. Mwezi hadi mwezi zilipanda. Miguu ya Kambare ikawa miguu, mabao ya kurukia majini mwanzo wa mbio yakaanza kuonekana madogo kwake, na alipogeuka ukutani bwawani alikuwa anachomoka kama kafyatuliwa. Hata kocha wa bwawani, mzee mwenye kofia ya kitambaa na maneno machache, alikuja siku moja jimu, akasimama pembeni, akamtazama akiruka. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaondoka. Mama Pumzika aliiona ile kama cheti.

Mchujo ulipokaribia, Kambare alikuja jioni moja akiwa mzito wa usemi. Akavua mkoba kwa mkono wa kulia. Akakaa kwenye benchi, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho.

"Kocha ametuvalisha vibao," alisema. Vibao vyenyewe ni vile vya plastiki ambavyo mwogeleaji huvaa viganjani ili ashike maji mengi zaidi. Vinafanya maji yawe mazito, na uzito wote unapanda begani.

"Mnavaa kidogo?"

"Kila siku, siku hizi. Mikono imekuwa mizito, shangazi. Huku kushoto hasa. Nikiinua naona kama si wangu."

Hapo ndipo. Mtu akiisimulia hadithi hii leo angependa kuisimamisha hapo, amshike yule mwanamke bega, amwambie msikilize. Mwaka mzima msichana hakuwahi kulalamika. Hata alipotumwa nyumbani alikuwa anang'ang'ania kubaki. Leo kaja mwenyewe kasema amechoka, kataja na mahali. Na Mama Pumzika, aliyeapa kwamba hatamfanyia mtoto wa mtu alivyofanyiwa yeye, akanyoosha kidole nyuma ya mashine ya kukimbilia.

"Ruka tuone."

Kambare akapaka chaki. Akaruka, na mkono wa kulia ukagusa juu kuliko alama zote za mwaka ule.

"Unaona?" shangazi akasema, na uso ukamng'aa. "Hofu ya mashindano hiyo, mwanangu. Kichwa kinatafuta kisingizio. Mwili uko tayari. Mwili hausemi uongo."

"Lakini bega..."

"Twende kwenye bomba."

Msichana akamtazama kidogo. Kisha akafunga kisahani kiunoni, akajivuta. Alijivuta vizuri, maana alikuwa mtoto mtiifu na alikuwa na nguvu. Na akaja tena, na akajivuta tena, na hakulitaja bega tena. Kila alipokuja aliruka, na kila aliporuka ukuta ulisema ndiyo.

Siku ya mchujo jukwaa lilijaa wazazi wenye chupa za maji na sauti kubwa. Fundi mageti alikuwa amevaa shati la kanisani. Wifi yake Mama Pumzika, mama yake Kambare, alikuwa amefunga macho tangu wasichana walipopanda kwenye mabao. Kengele ikalia.

Kambare aliruka mbali kuliko wote, hilo hakuna aliyebisha. Alitokea juu ya maji akiwa mbele. Kwenye ukuta wa kwanza aligeuka, akachomoka, akazidi kuwa mbele. Mama Pumzika alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga kelele za mtu asiye na adabu, kwa kuwa ile miguu aliijenga yeye, na hapo mbele ya umma wote miguu ilikuwa inafanya kazi. Geuko la pili, mbele. Geuko la tatu, bado mbele, lakini katikati ya bwawa wenzake walikuwa wanamfikia, kisha ukuta unamwokoa, kisha wanamfikia tena. Mtu asiyejua angefikiri anacheza nao.

Mama Pumzika alijua. Alianza kuona kiwiko cha kushoto kinashuka. Mkono ulikuwa unaingia majini ukiwa umelegea, unapapasa badala ya kushika, na kichwa kinapinda upande kuufuata. Mwili mzima ukaanza kuogelea ukilizunguka bega moja. Akashuka kwenye kiti. Miguu ilikuwa inapiga, inapiga, haijachoka hata kidogo, na hapo, amesimama kati ya watu wanaoshangilia watoto wao, akaelewa kila kitu kwa mara moja, akatamani asingeelewa.

Aliipima miguu. Mwaka mzima alikuwa anaipima miguu. Mruko ni wa miguu. Miguu ilikuwa mizima kwa sababu hakuna aliyeichosha. Kilichokuwa kinabeba vibao, na bomba, na kisahani cha chuma, ni mabega, na mabega hakuwahi kuyauliza lolote. Yalipojieleza yenyewe kwa mdomo wa mwenye nayo, aliyajibu kwa kuyaonyesha alama ya miguu.

Kambare akawa wa nne. Alibaki ameshikilia ukingo kwa mkono wa kulia muda mrefu, mpaka mwamuzi akamwomba atoke. Alishindwa kujiinua kwa mikono yake. Wasichana wawili walimvuta.

Daktari wa viungo alisema kano za bega zimevimba na zimeanza kuchanika, asiogelee kwa miezi, na baada ya hapo wataona. Aliposema wataona alikuwa anaangalia karatasi zake.

Mama Pumzika alikwenda kumtafuta kocha wa bwawani. Alikwenda amejaa maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya vibao. Alimkuta stoo, anatundika kamba za bwawani. Kabla hajafungua mdomo mzee akavua kofia.

"Mimi nilikuja pale kwako nikaona unavyompima," alisema. "Nikajiambia huyu mtoto ana mtu. Akizidiwa, shangazi yake ataona. Ndiyo maana nikaongeza."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniuliza."

Hakuwa anamshambulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Walisimama pale kati ya maboya na harufu ya klorini, kila mmoja akiwa amemtegemea mwenzake bila kumwambia, na hapakuwa na wa kumgombeza. Afadhali angekuwa mshenzi, yule mzee. Ingesaidia. Alirudi nyumbani akiwa na maneno yake yote, hakutumia hata moja.

Jimu aliendelea kwenda, maana mtu lazima aende mahali. Alipaka ule ukuta rangi nyeupe, mwenye jimu akafurahi, akasema pamekuwa na mwanga. Wateja waliona Mama Pumzika amebadilika. Hakuwa anawakataza tena. Meneja wa benki akinyanyua mpaka akakaribia kuzimia, alikuwa anamtazama tu. Wakasema afadhali sasa, anajua kazi. Zamani neno hilo lingemfanya agombane na mtu siku nzima.

Kaka yake hakumlaumu. Lingekuwa jambo rahisi, lawama. Unajibu, unalia, mnapatana. Alimwambia tu, "Ndiyo michezo, dada," akarudi kwenye mashine yake ya kuchomelea, na cheche zikaruka kati yao. Alikuwa amemwomba kitu kimoja, siku ile ya kwanza.

Ilimchukua muda kwenda kumwona mtoto mwenyewe. Alipokwenda alimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya mama yake, anachanwa nywele. Msichana wa umri ule hachanwi nywele na mama yake. Wifi alisalimia, akauliza habari za mume, akaendelea kuchana kwa uangalifu, na alipomaliza akaenda jikoni kuangalia chai, akawaacha.

Mama Pumzika akakaa chini kwenye mkeka. Alikuwa amepanga atakachosema, na alikisema chote. Alisema alikosea. Alisema hakukosea kidogo. Alimweleza habari ya miguu na mabega, kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima. Kambare alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

"Si kitu, shangazi."

"Ni kitu. Uliniambia, na mimi sikukusikia."

"Yamepita."

"Sasa niambie, mwanangu. Niambie kweli, nitakusikia. Linauma?"

Mama aliita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari, mtu aje apokee. Kambare akainuka. Mama yake akampa sinia, naye akalipokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukapanda kidogo kulisaidia, ukakwama usawa wa mbavu. Akabana midomo. Ilikuwa kitambo kidogo tu, na mtu mwingine asingeona. Kisha akaja, akapiga magoti, akaliweka sinia mbele ya mgeni bila kumwaga hata tone.

"Haliumi, shangazi," alisema, na akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu lile lile la wanaosema wako fiti, la kila mwanamichezo aliyewahi kumpitia mikononi, lile lililomfanya awe na ukuta. Kambare hakuwa nalo kabla. Mwanamke yule alichukua kikombe chake kwa mikono miwili, akasema vizuri, Mungu ni mwema, akanywa chai ikiwa bado ya moto, kwa sababu yule mtoto hangemwambia tena akiumia, na alikuwa na haki ya kutomwambia.